Aliyechota Maji Alfajiri Anataka Kujua

Mvua za masika zinapopiga milima ya Udzungwa usiku, mito inayoshuka kuelekea Mkula, Sanje na Mang'ula hubadilika rangi kabla watu hawajaamka. Vijiji hivi vimejipanga chini ya mlima, kando ya barabara ya kutoka Kidatu kwenda Ifakara, na maji ya mlimani hushuka kwa mteremko hadi mashambani na majumbani. Mteremko huo unaokoa gharama ya dizeli na umeme. Lakini chochote kilichoingia kwenye chanzo nacho kinashuka bila kusukumwa, na kinafika haraka.

Tukio likitokea, fundi au mhandisi anaandika taarifa. Anaiandikia ofisi ya wilaya, kwa watu wanaojua vipimo, na kwa kazi hiyo taarifa yake inatosha. Kisha katibu wa jumuiya ya watumia maji, au mtendaji wa kijiji, au mwalimu anayejulikana kwa mwandiko mzuri, anaambiwa: hebu iweke hii kwa lugha ya wananchi, tuibandike kwenye ubao. Makala hii ni kwa ajili ya mtu huyo.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kudhani kwamba kurahisisha ni kupunguza. Taarifa ya ukurasa mzima inageuka kuwa sentensi moja: maji yalipata hitilafu, mafundi wameshughulikia, wananchi mnaombwa kuchukua tahadhari. Kila mtu anaielewa sentensi hiyo, ila hakuna anayejua afanye nini baada ya kuisoma. Tangazo zuri la wananchi mara nyingi huwa refu kuliko taarifa ya fundi, kwa sababu mambo ambayo wataalamu wanayajazia wenyewe vichwani, sisi wengine tunahitaji kuyaona yameandikwa.

Tuifanye kazi yenyewe. Taarifa ifuatayo nimeitunga kwa ajili ya somo hili, haikutoka kijiji chochote. Nimeifananisha na zile zinazoandikwa kwa miradi ya maji ya mteremko, ikiwa na mapengo yaleyale.

"Mnamo tarehe 14 saa 02:40 ilinyesha mvua kubwa katika eneo la chanzo na tope lilipanda hadi 85 NTU. Inahisiwa kuwa chujio la banio lilihama, uchunguzi unaendelea. Mfumo wa kudondosha klorini haukufanya kazi kuanzia saa 03:10 hadi saa 16:00 kutokana na kuziba kwa mpira wa kudondoshea. Vipimo vya tarehe 15 vilionyesha klorini chini ya miligramu 0.2 kwa lita katika vilula 4 kati ya 9. Sampuli 6 zilichukuliwa siku hiyo, ambapo 2 zilibainika kuwa na bakteria wa E. koli, 12 na 31 kwa mililita 100. Hakuna madhara ya kiafya yaliyoripotiwa. Mfumo umesafishwa. Watumiaji washauriwe kuchukua tahadhari."

Kabla ya kuandika neno lolote jipya, chukua daftari uvunje taarifa hii vipande vipande, kila jambo kwenye mstari wake. Jambo hapa ni kitu kimoja kinachoweza kuwa kweli au uongo peke yake. Mvua kubwa ilinyesha saa 02:40 tarehe 14: moja. Tope lilifika 85: mbili. Chujio linahisiwa kuhama: tatu. Klorini ilisimama toka saa fulani hadi saa fulani: nne. Ilisimama kwa kuwa mpira uliziba: tano. Endelea hivyo na utapata mambo 12. Andika namba pembeni ya kila moja. Daftari hili ndilo litakalokuambia mwishoni kama kuna kitu kimeanguka njiani, maana ukilinganisha tangazo na taarifa kwa macho tu, sentensi zako nzuri zitakuficha kilichokosekana.

Sasa rudi kwenye kila mstari ukiwa na maswali, na anza na saa.

Mhandisi anaandika 02:40 kwa saa za kompyuta, zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane. Mwananchi wa Mkula anahesabu kuanzia machweo na macheo. 02:40 ni saa nane na dakika arobaini usiku. Anayenakili kwa haraka huandika "saa mbili na dakika arobaini", na msomaji anaelewa asubuhi baada ya chai. Matokeo yake si madogo. Mama aliyechota ndoo zake saa kumi na mbili asubuhi atajiona amesalimika, kumbe klorini ilikuwa imesimama tangu saa tisa na dakika kumi usiku, na ndoo zake ni miongoni mwa za kwanza kujazwa maji yasiyo na dawa. Watu wengi huchota saa hizohizo za alfajiri. Kosa hilo moja la saa linawaondoa kwenye hatari, kwa maandishi, watu waliokuwa katikati yake.

Tarehe nayo ina mtego wake. Ukiandika "usiku wa Jumapili", baadhi watafikiria usiku wa kuamkia Jumapili, wengine usiku wa kuamkia Jumatatu. Ikiwa tarehe 14 ilikuwa Jumapili, andika "usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, tarehe 14, saa tisa usiku". Ni maneno mengi, lakini hayana njia mbili za kusomeka.

Kisha kuna mwisho wa tukio. Taarifa inasema mfumo ulirudi saa 16:00, yaani saa kumi jioni, na msomaji atadhani hatari iliisha saa hiyo. Saa kumi jioni ndipo klorini ilipoanza tena kudondoka kwenye tenki. Maji yaliyokuwa tayari kwenye mabomba bado yalikuwa njiani, na yaliyokuwa kwenye madumu jikoni yalibaki vilevile mpaka yalipotumika. Hili halimo kwenye taarifa kwa sababu fundi analijua mno hata halimjii kuliandika. Ni lazima umuulize: maji yakitoka kwenye tenki huchukua muda gani kufika kilula cha mwisho? Tuseme anajibu kwamba hufika kesho yake asubuhi. Basi tangazo litasema hatari ilienea hadi Jumatatu, na litawataja waliohifadhi maji ya Jumapili.

Jambo la pili linalohitaji subira ni vipimo vyenyewe. Wapo wanaoshauri kuondoa namba zote ili kuwapunguzia wananchi mzigo. Sikubaliani nao. Namba ikiondoka, hakuna atakayeweza kulinganisha tukio hili na la mwakani, na yule kijana aliyemaliza kidato cha nne ambaye angeuliza swali zuri kwenye mkutano ananyimwa pa kulishikia. Acha namba, ila iwekee jirani yake: kiwango kinachotakiwa, na maana yake kwa mnywaji.

NTU ni kipimo cha tope. Kwa maji yanayotiwa klorini katika miradi midogo, Shirika la Afya Duniani linashauri tope liwe chini ya 5. 85 ni mara kumi na saba ya hapo. Maana yake kwa mnywaji ni kwamba hata klorini ingekuwepo isingefanya kazi yake vizuri, kwa sababu tope huila klorini hiyo na vimelea hujificha ndani ya chembe zake. Mabaki ya klorini ya miligramu 0.2 kwa lita ni kile kiasi kidogo kinachotakiwa kiwe bado kipo maji yanapofika bombani, ili yajilinde hadi kwenye ndoo. Fundi hupima kwa kidonge kinachotiwa kwenye kichupa cha maji: klorini ikiwepo maji hugeuka rangi ya waridi, isipokuwepo hubaki meupe. Ukilieleza hivi, watu waliowahi kumwona fundi akishika kichupa bombani wataelewa alichokuwa akitafuta. Na E. koli ni bakteria wanaoishi katika utumbo wa binadamu na wanyama. Wakionekana, kinyesi kimefika kwenye maji. Wengi wao hawaui, ila njia waliyopitia ndiyo inayopitiwa na vimelea vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Kiwango kinachoruhusiwa ni sifuri katika mililita 100, kiasi kisichofika nusu glasi.

Sasa tazama namba zinazohesabu vituo, maana hapo taarifa inadanganya bila kusema uongo. Klorini ilipimwa vilula vyote 9. Bakteria walipimwa vilula 6 tu. Vilivyobaki 3 havikupimwa bakteria, na taarifa haivitaji kabisa. Mwandishi asiyeangalia ataandika "vilula viwili vimekutwa na vimelea, vingine viko salama". Sentensi hiyo haina msingi kwenye taarifa. Vinne vilipimwa na havikuonyesha kitu siku hiyo; vitatu havijulikani. Makundi hayo mawili yasichanganywe. Tena vile vyenye klorini pungufu usiviandike "vilula 4". Mwombe fundi majina, uandike kilula cha Shuleni, cha Mtoni, cha Msikitini na cha Barabarani, kwa sababu mtu hachoti kwenye "4 kati ya 9", anachota Mtoni.

Angalia pia siku ya sampuli. Zilichukuliwa tarehe 15, klorini ikiwa imesharudi. Kwa hiyo 12 na 31 ni hali ya Jumatatu. Maji ya Jumapili, yaliyokuwa na tope na bila dawa, hayakupimwa na mtu yeyote. Inawezekana kabisa yalikuwa mabaya zaidi. Mwananchi aliyeumwa tumbo Jumapili jioni akisoma namba za Jumatatu kana kwamba ni za Jumapili, amepewa habari isiyo yake.

Nina wasiwasi mkubwa zaidi na sentensi fupi iliyo karibu na mwisho: hakuna madhara ya kiafya yaliyoripotiwa. Kwenye ubao wa kijiji itasomeka kwamba hakuna aliyeumwa. Muulize mwandishi wa taarifa: mliuliza wapi? Kama hakuna aliyekwenda zahanati kuangalia rejista ya wagonjwa wa kuhara, basi kilichopo ni kwamba hatujaulizia. Na hata kama mtu alikwenda tarehe 16, muda ulikuwa bado. Kipindupindu kinaweza kujitokeza ndani ya saa chache au baada ya siku tano. Homa ya matumbo mara nyingi huchukua wiki moja hadi tatu. Andika mlichofanya na siku mliyokifanya: "Hadi Jumanne tarehe 16 hatujaenda zahanati kuulizia wagonjwa. Tutakwenda Jumatano." Inaweza kumkera kiongozi fulani, lakini ndiyo hali halisi, na inawaambia watu wasisubiri bali wawahi zahanati wakiona dalili.

Sababu za tukio nazo zina mtego. Taarifa inasema mvua ilinyesha, halafu inasema mpira wa kudondoshea uliziba. Haisemi mvua ndiyo iliyouziba. Lakini akili ya msomaji huunganisha, na mwandishi anayependa sentensi laini ataandika "mvua kubwa ilileta tope lililoziba mpira wa klorini". Kwa neno moja la kuunganishia ametunga jambo la kumi na tatu. Kwa kweli mipira ya kudondoshea huzibwa mara nyingi na poda ya klorini yenyewe: ikikorogwa, sehemu yake haiyeyuki, hukaa chini kama chokaa, na isipoachwa itulie na kuchujwa huingia kwenye mpira na kuganda. Kama hiyo ndiyo sababu, mpira utaziba tena mwezi wa tisa jua likiwaka, na kijiji kitashangaa kwa kuwa kiliambiwa kosa ni la mvua. Mwulize fundi kulitoka nini alipousafisha: tope au vumbi jeupe? Asipojua, andika kwamba kilichoziba hakijajulikana. Na neno "inahisiwa" lililo kwenye suala la chujio libaki na uzito wake. Usilipandishe kuwa hakika, wala usilifute.

Vivyo hivyo na "mfumo umesafishwa". Nani aliyesafisha, kitu gani? Mpira tu, au tenki lililoingia tope pia? Huna haja ya kumtaja mtu kwa jina, kutaja kazi yake kunatosha: fundi wa jumuiya alisafisha mpira Jumapili saa kumi jioni, tenki bado. Kama taarifa haimlaumu mtu, tangazo nalo lisimlaumu. Kazi yako haikupi ruhusa ya kuongeza mshitakiwa.

Inabaki tahadhari. "Chukueni tahadhari" si ushauri. Ushauri ni kuchemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu, kwa dakika moja nzima, yakiwa na tope yaachwe yatulie na kuchujwa kwanza kwa kitambaa safi. Ni kutaja maji hayo ni ya kazi gani: kunywa, kupiga mswaki, kuosha matunda na kachumbari, kuoshea vyombo vya mtoto, kutengenezea barafu na juisi za kuuza. Ni kusema kazi zisizohitaji kuchemsha, kama kufua na kudeki, kwa sababu mkaa unauma mfuko, na ukiwaambia watu wachemshe kila tone wataacha kuchemsha hata la kunywa. Na ni kusema mpaka lini. Siyo "hadi hapo mtakapotangaziwa" tu, bali hadi sharti gani litimie: kwa mfano, sampuli za vilula vyote tisa zikitoka safi mara mbili mfululizo. Sharti hilo uliza, usilitunge.

Baada ya maswali yote hayo, tangazo linaweza kuwa hivi:

"CHEMSHA MAJI YA BOMBA KABLA YA KUYANYWA. Hii ni kwa watumiaji wa vilula vyote tisa vya kijiji.

Chemsha mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika moja. Yakiwa na tope, yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi, ndipo uchemshe. Tumia yaliyochemshwa kwa kunywa, kupiga mswaki, kuosha vitu vinavyoliwa vibichi, vyombo vya watoto, barafu na juisi. Kufua na kudeki unaweza kutumia ya bomba. Kama bado una maji uliyochota Jumapili tarehe 14 au Jumatatu tarehe 15, usiyanywe bila kuyachemsha.

Kilichotokea: usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, saa nane na dakika arobaini, mvua kubwa ilinyesha kwenye chanzo. Tope lilifika 85. Linatakiwa liwe chini ya 5. Saa tisa na dakika kumi usiku huohuo dawa ya klorini iliacha kuingia kwenye maji kwa sababu mpira wake uliziba. Ilirudi Jumapili saa kumi jioni, fundi wa jumuiya alipousafisha. Maji yasiyo na dawa yaliendelea kufika bombani hadi Jumatatu asubuhi. Tenki bado halijasafishwa.

Jumatatu tulipima klorini vilula vyote tisa. Vinne vilikuwa na klorini pungufu, chini ya miligramu 0.2 kwa lita: Shuleni, Mtoni, Msikitini na Barabarani. Siku hiyo tulipima vimelea kwenye vilula sita. Shuleni walikuwepo 12 na Mtoni 31 katika maji yasiyofika nusu glasi. Hawatakiwi kuwepo hata mmoja. Vimelea hawa huonyesha kwamba kinyesi kimeingia kwenye maji. Msikitini, Barabarani, Sokoni na Zahanati hawakuonekana. Kanisani, Ofisini na Tenkini hatujapima vimelea.

Tusichojua: maji ya Jumapili hayakupimwa. Kilichoziba mpira hakijajulikana. Tunahisi chujio la banio lilihama, na mafundi bado wanachunguza. Hatujaulizia zahanati kama kuna wagonjwa; tutakwenda Jumatano.

Ukiharisha, kutapika au kupata homa, nenda zahanati mapema na useme unachota kilula kipi. Endelea kuchemsha mpaka vilula vyote tisa vipimwe na kutoka safi mara mbili mfululizo. Tutatangaza siku hiyo."

Chukua daftari lako sasa, upitishe kidole kwenye mistari 12. Saa na mvua: ipo. Tope: lipo. Chujio: lipo, na bado ni hisia. Hakuna madhara yaliyoripotiwa: imegeuka kuwa "hatujaulizia", na hilo limekubaliwa na aliyeandika taarifa. Hapa kuna kanuni ambayo haivunjwi: kila ulipobadilisha maana au kuongeza jibu la swali, fundi alione na alikubali kabla halijabandikwa. Yeye anahakiki ukweli, hahakiki lugha. Akitaka kurudisha maneno yake magumu, muulize ni ukweli gani umepotea bila maneno hayo. Akikuonyesha, rudisha ukweli, siyo neno.

Lugha inahakikiwa na mtu mwingine kabisa, asiye kwenye kamati. Msomee tangazo kwa sauti, kwa kuwa wengi watalisikia kutoka kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwenye kipaza sauti kabla hawajaliona. Usimuulize "umeelewa?", maana atakujibu ndiyo kwa heshima. Mpe mkasa: mama amechota Mtoni Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, ndoo moja bado imejaa, mtoto anataka maji, afanyeje? Mkasa wa pili: mtu anachota Kanisani, je, maji yake ni safi? Akijibu la pili "ndiyo", tangazo lako bado linachanganya kilichopimwa na kisichopimwa, na kosa ni la sentensi, siyo la msikilizaji. Rekebisha, msomee mwingine.

Kuna watu ambao ubao wa ofisi ya kijiji hauwafikii. Katika bonde la Kilombero, msimu wa mpunga familia nyingi huhamia kwenye vibanda vya shambani, mbali na makazi yao, wakipalilia na baadaye kuamia ndege. Mtu wa familia huja kijijini na madumu, akachota, akaondoka. Yeye hasomi ubao, anafika kilulani. Kwa hiyo nakala ya mistari ya kwanza ya tangazo ibandikwe kwenye kilula chenyewe, ndani ya mfuko wa nailoni dhidi ya mvua, na anayelinda kilula ajue kuisema kwa mdomo.

Kama kuna anayeona huu ni uangalifu uliopitiliza, asome yaliyoupata mji mdogo wa Walkerton, katika jimbo la Ontario, Kanada. Mei 2000, baada ya mvua kubwa, samadi kutoka shambani ilipenyeza kwenye kisima cha mji, na klorini iliyokuwa ikitiwa haikutosha. Majibu ya maabara yaliyoonyesha E. koli yalimfikia msimamizi wa maji tarehe 17. Ofisi ya afya ilipomuuliza, aliwaambia maji yako salama. Tangazo la kuchemsha maji lilitoka tarehe 21, tena na ofisi ya afya yenyewe, na lilipitia redio kiasi kwamba wengi hawakulisikia siku hiyo. Watu saba walikufa na wapatao 2,300 waliugua. Tume ya uchunguzi ya Jaji Dennis O'Connor ilikuta pia kwamba vipimo vya klorini vilivyoandikwa kwenye madaftari ya kila siku vilikuwa vya kutunga. Ukweli ulikuwepo kwenye karatasi ya maabara kwa siku nne, na wanywaji hawakuupata.

Kwa hiyo neno langu la mwisho kwa makatibu na watendaji linahusu siku. Kipimo cha E. koli huhitaji takriban saa 24 za kuotesha kabla ya kusomwa, ukiacha safari ya kupeleka sampuli. Katika mfano wetu majibu yalitoka Jumanne, ilhali Jumapili saa kumi jioni fundi alikuwa tayari anajua mambo mawili: maji yana tope, na yametoka bila dawa tangu usiku. Mambo hayo mawili yanatosha kabisa kuandika mistari mitano ya kwanza. Toeni tangazo la kuchemsha jioni hiyohiyo, mkiandika wazi kwamba vipimo bado, kisha toeni tangazo refu majibu yakija. Msingoje maabara.